Kumwandikia Mkuu wa Idara Unayotaka Kuhamia

Ujumbe mwingi wa kuomba kuhamia idara nyingine humfikia mkuu wa idara ukiwa umebeba ombi asiloweza kulitimiza. "Naomba unihamishie kwenye idara yako." Huyo hawezi kukuhamisha. Nafasi hutolewa na mwajiri, jalada lako liko rasilimali watu, na mtu unayeripoti kwake hadi leo ni bosi wako. Anachoweza kukufanyia mkuu wa idara nyingine ni mambo mawili: kukuambia kama kuna nafasi inayokuja, na kulitaja jina lako siku nafasi hiyo itakapojadiliwa. Ukimuuliza hayo, ana jibu. Ukimwomba uhamisho, atausukuma ujumbe wako rasilimali watu au ataunyamazia, nawe utabaki ukidhani amekukataa, kumbe hakujua tu aushike wapi.

Ninayoandika hapa yanahusu zaidi kampuni, hospitali, shule na mashirika binafsi. Mtumishi wa umma ana njia yake: ombi rasmi hupita kwa mkuu wake wa kazi, na kama kuhama kwenyewe ni kubadili kada, basi ni lazima awe na sifa zilizotajwa katika muundo wa utumishi wa kada anayoitaka na nafasi iwepo kwenye ikama. Hata huko, kumuuliza mkuu wa idara kabla ya kutuma ombi rasmi si kosa, ila ujumbe huo hauchukui nafasi ya ombi hilo.

Tuchukue mfano mmoja tuende nao mpaka mwisho. Kuna mtunza stoo wa vifaa tiba katika hospitali binafsi ya ukubwa wa kati, mjini. Ana miaka minne pale. Kazi yake ni kupokea mizigo, kuipanga, kuitoa wodini na maabara kwa hati, na kuangalia tarehe za kuisha muda ili kinachoharibika mapema kitoke kwanza. Anataka kuhamia manunuzi, idara inayokusanya mahitaji, kuomba profoma kwa wazabuni, kulinganisha bei, kutoa oda na kuifuatilia mpaka mzigo ufike. Kwa Tanzania huu si uhamisho wa mbali, kwa sababu stoo na manunuzi ziko chini ya bodi moja ya kitaaluma, Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi. Lakini ukaribu huohuo una mtego wake, na nitaufikia.

Kabla hajaandika neno, kuna swali la bosi wake. Je, amwambie kwanza? Watu huogopa, wakidhani bosi akijua ataanza kuwaona kama wasaliti. Hofu hiyo ina msingi mahali pengine. Lakini fikiria kitakachotokea mkuu wa manunuzi akishausoma ujumbe: jambo la kwanza atakalofanya ni kuvuka korido na kumuuliza mwenzake, "Huyu kijana wako yukoje?" Bosi akilisikia hapo kwa mara ya kwanza, hatajibu kuhusu kazi yako. Atajibu kuhusu kurukwa. Na wakuu wawili wa idara wanaokutana kila Jumatatu kwenye kikao hawatagombana kwa ajili yako.

Kwa hiyo mwambie, tena kwa mdomo, si kwa maandishi, na siku isiyo na joto la kazi. Maneno yenyewe yawe machache: "Bosi, nina jambo ningependa ulijue kutoka kwangu. Ninafikiria mbele kuingia upande wa manunuzi. Sina barua wala nafasi yoyote bado. Ningependa kumuuliza mkuu wa huko kama kuna uwezekano, ila sikutaka afikiwe kabla yako." Wengi watauliza maswali kidogo kisha watakubali. Akikataa waziwazi, usimzunguke. Nenda rasilimali watu ukaulize utaratibu wa nafasi za ndani, maana kampuni nyingi hutangaza nafasi ubaoni au kwa baruapepe, na tangazo likishatoka kila mtu ana haki ya kuomba. Kipo kisa kimoja tu ambacho sishauri kuanza na bosi: pale ambapo bosi huyo ndiye sababu ya kuondoka kwako, kwa unyanyasaji au kutaka rushwa ya aina yoyote. Hilo ni lalamiko, lipelekwe rasilimali watu kama lalamiko. Usilivalishe nguo za uhamisho.

Sasa ujuzi, ambao ndio kiini cha ujumbe. Mtunza stoo wetu akikaa kuandika, kitakachomjia haraka ni sifa: mchapakazi, mwaminifu, anaweza kufanya kazi chini ya shinikizo, anapenda kushirikiana na wenzake. Aifute sentensi yote. Hakuna mkuu wa idara aliyewahi kupata ujumbe kutoka kwa mtu anayejitaja kuwa mvivu, kwa hiyo maneno hayo hayamwambii kitu. Badala yake achukue karatasi, upande wa kushoto aandike kazi ambazo idara ya manunuzi huzifanya kila wiki, na upande wa kulia aandike ni lini yeye alishika kipande cha kazi hiyo kwa mikono yake. Palipo na kitu pande zote mbili ndipo penye ujuzi wa kuutaja. Palipo wazi upande wa kulia ni pengo, nalo pia atalitaja, kwa sentensi moja.

Akifanya hivyo, ataona kwamba kushoto kuna kukadiria mahitaji. Kulia ana nini? Ana jambo kubwa kuliko anavyodhani. Tuseme hospitali inatumia boksi 120 za glovu kwa mwezi, yaani kama 30 kwa wiki. Oda huchukua wiki tatu tangu kusainiwa mpaka mzigo kushushwa. Maana yake ni kwamba glovu zikibaki boksi 90 bila oda kutoka, siku mzigo utakapofika rafu itakuwa tupu. Ukiongeza akiba ya wiki mbili, boksi 60, unapata 150: hapo ndipo oda inapaswa kuanza. Mtunza stoo anayejua namba hiyo kwa kila bidhaa inayotoka sana, na anayejua kwamba kipindi cha mvua, malaria inapopanda, vipimo vya haraka huisha mapema kuliko jedwali linavyosema, ana kitu ambacho afisa manunuzi wa ofisini huwa anakitafuta kwa simu. Huo ndio ujuzi. Kuuita "uzoefu wa stoo" ni kuutupa.

Kushoto kuna pia kufuatilia wazabuni. Kulia ameandika kwamba kila mzigo anaupokea yeye, akilinganisha oda, karatasi iliyokuja na mzigo, na ankara. Anajua makosa hutokea wapi: idadi ni sahihi lakini bidhaa imebakiza miezi mitatu kuisha muda, au boksi ni za vipande hamsini wakati oda ilisema mia. Hapa awe mwangalifu. Ujumbe si mahali pa kumtaja mzabuni kwa jina kwamba ni mwizi au mbabaishaji. Huenda mzabuni huyo aliletwa na mkuu huyohuyo anayesoma. Aseme tu kwamba anaijua kazi ya kukagua mapokezi na kurekebisha tofauti. Majina yatakuja siku ya mazungumzo, wakiulizana.

Kulinganisha profoma na kujadili bei: kulia pako wazi. Hajawahi. Watu wengi wangeruka hapo, au wangeandika kwamba "wanajifunza haraka". Mimi ningeandika wazi kwamba sijafanya. Msomaji wa ujumbe anaijua kazi yake, atalitambua pengo kabla hajamaliza kusoma, na ukilitaja mwenyewe atayaamini mengine uliyosema. Ila liwe pengo moja au mawili, kwa sentensi moja, bila kuomba radhi. Kama usajili wa bodi anao, autaje na ngazi yake. Kama hana, aseme yuko hatua gani, kwa sababu sheria ya mwaka 2007 iliyoiunda bodi hiyo inataka wanaofanya kazi ya taaluma hii wasajiliwe, na mkuu wa manunuzi hapendi kuambiwa na mkaguzi kwamba ana mtu asiye na usajili.

Ujuzi wa aina mbili au tatu unatosha. Ukitaja aina nane, msomaji hatakumbuka hata moja, na atashangaa kama kuna kitu unachokitaka kweli.

Nilisema kuna mtego. Katika hospitali yoyote inayokaguliwa, anayeagiza bidhaa hapaswi kuwa yuleyule anayeipokea, wala yule anayeilipia. Sababu iko wazi: mtu mmoja akishika ncha zote mbili anaweza kuagiza boksi mia, kupokea themanini na kusaini mia, na hakuna wa kumuuliza. Kwa hiyo mkuu wa manunuzi akiona jina la mtunza stoo, swali litakalomjia, hata kama hatalisema, ni hili: huyu akija kwangu wakati stoo bado haijapata mtu, si ndiye atakuwa anaagiza asubuhi na kupokea jioni? Menejimenti italipenda wazo hilo kwa sababu linaokoa mshahara. Mkaguzi hatalipenda. Mtunza stoo akilijibu swali kabla halijaulizwa, kwa kusema kwamba atakabidhi stoo kwa hesabu kamili kabla ya kugusa oda yoyote, amejionyesha kuwa anajua kazi inavyolindwa. Sentensi hiyo moja ina uzito kuliko cheti cha semina.

Kila idara ina mtego wa namna hii. Mhasibu anayetaka kuingia ukaguzi wa ndani ataulizwa nani atakagua vitabu alivyoviandika yeye mwaka jana. Muuguzi wa wodi anayetaka kwenda bima na madai ataulizwa kama atapitisha fomu alizozijaza yeye mwenyewe. Utafute mtego wako kabla hujaandika.

Baada ya hayo ujumbe wenyewe hauna ugumu. Ungeweza kuwa hivi, kwa baruapepe ya kazini, wenye kichwa "Kuuliza uwezekano wa kuhamia Idara ya Manunuzi":

"Ndugu Mkuu wa Idara,

Habari za kazi. Mimi ni mtunza stoo wa vifaa tiba, nina miaka minne hapa. Ninaandika kuuliza kama idara yako inatarajia kuhitaji mtu katika miezi ijayo, na kama ninaweza kufikiriwa.

Mambo mawili ninayoyafanya sasa yanaigusa kazi yenu. La kwanza ni makadirio ya mahitaji: tangu Januari mwaka jana ninaandaa jedwali la Ekseli la kila mwezi linaloonyesha matumizi halisi ya kila wodi na bidhaa zilizofikia kiwango cha kuagizwa. Nakala huja ofisini kwako kila tarehe 25. La pili ni ukaguzi wa mapokezi: ninalinganisha oda, karatasi ya mzigo na ankara kwa kila mzigo wa vifaa tiba, na tofauti zinazojitokeza ninazifuatilia mpaka zirekebishwe.

Kulinganisha profoma na kujadili bei sijawahi kufanya, hilo nitahitaji kufundishwa.

Mkuu wangu wa idara anafahamu kwamba ninakuandikia. Ikitokea nikahamia, nitakabidhi stoo kwa hesabu ya pamoja na uhasibu kabla ya kushika oda yoyote.

Ningeshukuru kupata dakika kumi na tano za kuzungumza nawe, siku itakayokufaa. Kama kwa sasa nafasi haipo, itanisaidia pia kujua ni jambo gani ungependa mtu wa nafasi hiyo awe nalo.

Wako katika kazi,"

Angalia kilichomo kwenye aya ya pili. "Nakala huja ofisini kwako kila tarehe 25." Mkuu hana haja ya kuamini, anafungua tu baruapepe zake na jedwali analiona. Ushahidi mzuri wa ujuzi ndani ya kampuni ni ule ambao msomaji anao tayari mezani kwake. Hapo ndipo mtu wa ndani anapomshinda mwombaji wa nje, ambaye ushahidi wake wote ni barua za wadhamini. Lakini asiambatishe jedwali lenyewe kama limebeba bei, majina ya wagonjwa au takwimu ambazo idara yake haijaruhusu zitoke. Kutaja kunatosha.

Angalia pia kisichomo. Hakuna neno kuhusu mshahara, hakuna lawama kwa idara anayoondoka, hakuna "nimechoka na stoo", na hakuna wasifu wa kurasa tatu ulioambatishwa. Wasifu ataupeleka ukiombwa. Mstari wa mwisho nao umewekwa kwa makusudi: unampa mkuu kitu cha kujibu hata pale jibu lake ni hapana. Mtu anayeweza kujibu "nafasi haipo, lakini jitahidi umalize mitihani ya bodi" atajibu. Aliyebakiwa na neno hapana peke yake huahirisha mpaka asahau.

Kuhusu salamu na namna ya kuita, fuata mazoea ya mahali pako. Kama ofisini kwenu kila mtu humwita Mama fulani, mwandikie hivyo hivyo, usimgeuze ghafla kuwa Mheshimiwa. Shikamoo kwenye baruapepe si lazima hata kama ni mtu wa makamo ya mama yako, ila ukimtumia Wasapu bila shikamoo unaweza kuonekana una kiburi. Hata hivyo Wasapu iache kwa jambo dogo tu, kama kumjulisha kwamba umemtumia baruapepe, na hata hilo ni kama mmezoea kuandikiana. Ombi lililoandikwa saa tatu usiku kati ya picha za harusi na michango hupotea, na huwezi kulirejea baadaye.

Ukituma, ngoja wiki mbili za kazi. Usitume mwishoni mwa mwezi kwa idara inayofunga hesabu, wala wiki ya ukaguzi. Kwa manunuzi, wakati mzuri ni miezi michache kabla bajeti haijapitishwa, maana hapo ndipo mkuu anaandika anahitaji watu wangapi. Wiki mbili zikipita kimya, kumbusha mara moja, kwa sentensi mbili. Kimya kikiendelea baada ya hapo, chukulia kwamba ni jibu la sasa. Endelea kuleta jedwali lako tarehe 25 kama kawaida, wala usianze kulichelewesha. Wapo wanaofanya hivyo, wakidhani utaonekana umuhimu wao. Huonekana kitu kingine.

Akikuita, dakika kumi na tano hizo zitumie kuuliza zaidi ya kujieleza. Uliza kazi inayoilemea idara ni ipi. Uliza kama kuna muda wa majaribio katika nafasi mpya, na usipofaa unarudi wapi: stoo itakuwa imeshapata mtu mwingine, na hilo ni swali la haki, si la woga. Mshahara uliza mwishoni, na waulize rasilimali watu, si mkuu wa idara. Wengi huhama ndani kwa mshahara uleule mwaka wa kwanza. Kama hilo hulitaki, ni heri ulijue kabla ya kumuaga mkuu wako wa zamani.

Na ukikubaliwa, yupo atakayekuambia "njoo tu Jumatatu, karatasi zitafuata". Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi, pamoja na maelezo ya majukumu, mahali pa kazi na malipo. Yakibadilika, mwajiri anatakiwa kushauriana na mfanyakazi, kuyarekebisha maelezo hayo na kumjulisha mabadiliko kwa maandishi. Barua ya ukurasa mmoja inatosha: cheo kipya, unaripoti kwa nani, mshahara, na tarehe ya kuanza. Bila hiyo, likizo yako itaendelea kusainiwa na bosi wa zamani, tathmini ya mwaka itafanywa na mtu asiyeona kazi yako, na kitu kikipotea stoo mwezi unaofuata jina lililoko kwenye jalada ni lako bado. Kwa hiyo omba barua, fanyeni hesabu ya stoo, wote msaini, chukua nakala yako, ndipo utoe funguo.